Mafua ya kaka, homa ya kichanga: uchambuzi wa kisa kimoja

Aliletwa saa moja asubuhi, siku ya 37 tangu azaliwe, amelala fofofo kifuani kwa mama yake. Mtoto wa kike, alizaliwa kwa wakati wake bila matatizo, uzito umepanda vizuri hadi kilo 4.3, hajawahi kulazwa. Puani alikuwa na kamasi nyepesi. Muuguzi wa mapokezi alimpima joto kwa njia ya haja kubwa akapata 37.4. Ukimtazama, ulikuwa unamwona mtoto mwenye mafua, basi.

Mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Yaliyobaki nayaeleza kwa kirefu kwa sababu katika kisa hiki karibu kila dalili ilikuwa inatuvuta upande mmoja, upande wa kuwaambia warudi nyumbani.

Tuanze na nyumbani. Kaka yake wa miaka mitatu alianza mafua siku ya Jumanne: chafya, kikohozi, kamasi, homa ya 38.9 jioni, kisha akaendelea kucheza kama kawaida yake. Alhamisi kichanga naye akaanza kupiga chafya na kukoroma puani kila anaponyonya. Hilo halikumshangaza mtu. Virusi vya mafua vikishaingia nyumba yenye mtoto mdogo huwa vinazunguka kwa wote.

Ijumaa saa nne usiku mama alimshika mtoto mgongoni akaona amechemka. Akampima kwapani: 37.8. Bibi wa mtoto, mwanamke aliyelea watoto wengi, akamwambia, "Mwanangu, umemfunika mno huyo. Halafu mafua si yamo humu humu ndani?" Katika lile la kwanza bibi alikuwa na hoja. Kichanga aliyefungwa blanketi mbili na kofia anaweza kupata joto la ngozi ambalo si la ugonjwa, na kwapani ndipo joto hilo linapodanganya zaidi. Wakamvua kofia na blanketi, wakamwachia nguo moja nyepesi, wakasubiri nusu saa, wakapima tena. 38.1. Hoja ya blanketi ikawa imejibiwa palepale, kwa kipimo, ingawa hakuna aliyelitambua hilo usiku ule.

Lililofuata hutokea katika nyumba nyingi. Kwenye kabati kulikuwa na parasetamoli ya maji ya kaka yake, wakampa kidogo. Saa saba usiku joto lilikuwa 37.0 na nyumba nzima ikalala. Saa kumi na moja alfajiri mtoto aliamka akilia, 38.4. Akapewa tena, akanyonya kwa dakika chache kisha akaachia titi. Mama akasema hapana, anakwenda hospitali. Namba zote hizi na saa zake alikuwa ameziandika kwenye simu, na nadhani zile mistari minne ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko kitu chochote tulichofanya baadaye.

Tabibu kijana aliyekuwa zamu pamoja nami alimpima mtoto kwa uangalifu. Pumzi 48 kwa dakika, kifua hakibonyei anapovuta hewa, mapafu safi. Utosi umelala sawasawa, haujavimba wala kubonyea. Ngozi ina rangi nzuri, ukiibonyeza kifuani rangi inarudi kabla ya sekunde mbili. Analia kwa sauti, anatulia akibebwa. Akaniambia, "Daktari, mafua anayo, kaka yake anayo, hapa hana homa, kifua kiko safi. Tuwape matone ya chumvi ya pua tuwaruhusu?"

Hakuwa mzembe. Kila alichosema kilikuwa kweli. Tatizo lilikuwa katika kuunganisha: alichukua kitu kimoja kinachoonekana, mafua, akakitumia kueleza vitu viwili, kamasi na homa. Kamasi zilikuwa zimeelezwa vizuri. Homa ilikuwa bado haijaelezwa na yeyote.

Nilimwomba tuyarudie mambo moja baada ya jingine, tukianzia na lile 37.4. Mtoto alipewa parasetamoli saa mbili kabla ya kufika kwetu, muda ambao dawa hiyo huwa katikati ya kazi yake. Tulichopima mapokezi kilikuwa nguvu ya dawa. Lakini hata asingepewa dawa, homa ya kichanga hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo homa iliyopimwa nyumbani kwa kipimajoto huhesabiwa kuwa homa hata kama mtoto amefika akiwa baridi. Mpaka unaotumika sana kwa walio chini ya miezi mitatu ni nyuzi 38.0 za Selsiasi kwa njia ya haja kubwa. Kipimo cha kwapani kwa kawaida husoma chini kidogo kuliko joto la ndani, hivyo 38.1 na 38.4 za kwapani zilimaanisha kwamba ndani kulikuwa na joto hilo au zaidi. Ndiyo maana wengi wetu tukiona 37.5 kwapani kwa mtoto wa umri huu tunaichukulia kama onyo la kupima upya kwa njia ya kuaminika, wala hatuipuuzi. Kiganja cha mkono nacho hakitoshi kuamua. Mama anayesema "amechemka" mara nyingi yuko sahihi, lakini anayesema "hana homa" kwa kumgusa tu anaweza kupitwa.

Kisha kuna kushuka kwa homa baada ya dawa. Watu wengi, na baadhi yetu wa kazi hii, hulichukulia kama ushahidi: imeshuka, basi ilikuwa ya mafua. Parasetamoli hupunguza homa kwa kugusa sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili. Haijui homa ilianzishwa na nini. Homa ya bakteria walio kwenye damu hushuka kwa parasetamoli kama inavyoshuka ya virusi vya mafua. Kwa mtoto mkubwa hilo halina madhara makubwa, kwa sababu homa ikishuka unamwona anacheza au hachezi. Kwa mtoto wa siku 37 dawa inakuondolea ile alama moja uliyokuwa nayo na haikupi nyingine badala yake. Ndiyo sababu tunaomba asipewe kabla hajaonwa, na kama ameshapewa, basi waseme saa na kiasi. Hapa palikuwa na hatari nyingine pia: dawa ya kaka ilipimwa kwa makisio, na chupa za parasetamoli ya watoto hutofautiana ukali. Kiasi ambacho kwa mtoto wa kilo 14 ni cha kawaida kwa mtoto wa kilo nne kinaweza kuwa kingi mno. Tulihesabu tukakuta safari hii hakikuzidi.

Swali gumu lilikuwa la tatu: kwa nini mtoto anayeonekana mzima namna hii tusimwamini?

Hapo inafaa kumweka kando ya kaka yake. Nyumba moja, virusi vilevile, na homa ya kaka ilikuwa kubwa zaidi. Bado kaka alibaki nyumbani na hakuna daktari ambaye angemlaumu mama kwa hilo. Mtoto wa miaka mitatu anasema sikio linauma. Homa ikishuka anakimbia, na akishindwa kukimbia unajua kuna jambo. Shingo yake hukakamaa akipata homa ya uti wa mgongo. Amemaliza chanjo za utotoni dhidi ya bakteria wakali wa mapafu na wa uti wa mgongo, na mwili wake umeshapambana na vijidudu vingi.

Mdogo wake hana hata kimoja kati ya hivyo. Vitendo vyake vyote ni kunyonya, kulala, kulia na kuchafua nepi, kwa hiyo ugonjwa nao una njia hizo nne tu za kujitangaza. Tabasamu la kumjibu mtu, ambalo kwa mtoto wa miezi minne hutusaidia sana, huanza karibu na wiki ya sita hadi ya nane. Yeye hajafika. Shingo yake mara nyingi haikakamai hata uti wa mgongo ukiwa umeshambuliwa, na utosi kuvimba ni dalili inayokuja kwa kuchelewa. Watoto wengi wa umri huu wenye bakteria kwenye mkojo, na baadhi ya wenye bakteria kwenye damu, huonekana wazima kabisa siku ya kwanza. Tumewapima, tumewasifu, na maabara ikatuonyesha tulivyokosea.

Kinga yake nayo ni ya kuazima. Kingamwili alizonazo alipewa na mama kupitia kondo la nyuma, nyingi katika theluthi ya mwisho ya ujauzito, na tangu azaliwe zinapungua takriban nusu kila wiki tatu au nne. Zake mwenyewe ndiyo kwanza zinaanza kutengenezwa. Kuna aina ya kingamwili ambayo haivuki kondo kabisa, na ni mojawapo ya zile zinazotakiwa kuwakamata bakteria kama wale wa utumbo. Chembe nyeupe zinazomeza bakteria anazo, lakini akiba yake kwenye uboho ni ndogo na huisha upesi vita vikikolea. Matokeo yake ni kwamba bakteria aliyeingia mahali pamoja, tuseme kwenye figo, hazuiliwi pale alipo. Anaweza kumwagika kwenye damu, na kutoka kwenye damu akafika kwenye ubongo, ndani ya saa chache. Chanjo za kwanza dhidi ya bakteria wale wakali hutolewa karibu na wiki ya sita au ya nane, na dozi moja haimpi mtoto ulinzi kamili. Kwa hiyo tunachokiogopa ni kasi. Maambukizi ambayo kwa kaka yangetupa siku mbili za kutafakari, kwa huyu yanaweza kutupa nusu siku.

Kati ya watoto 100 walio chini ya miezi mitatu wanaoletwa na homa, takriban 10 hukutwa na maambukizi makali ya bakteria. Sehemu kubwa ya hao 10 ni maambukizi ya njia ya mkojo. Damu ni wachache zaidi, uti wa mgongo wachache sana, lakini hao wachache ndio wanaokufa au kubaki na ulemavu. Wale 90 wana virusi tu, na watapona. Ugumu wa kazi ni kwamba asubuhi ile ya kwanza wale 10 hawaandikwi usoni.

Tabibu mwenzangu akauliza swali ambalo ningeuliza mimi pia: je, mafua hayamsogezi mtoto upande wa wale 90? Yanamsogeza. Utafiti uliofanywa kwa vichanga wenye homa na virusi vya RSV, vile vinavyobana vifua vya watoto, ulionyesha kwamba maambukizi makali ya bakteria kwao yalikuwa karibu nusu ya yale ya wenzao wasio na virusi hivyo. Nusu si sifuri. Katika kundi lenye virusi, takriban watoto 5 kati ya 100 bado walikuwa na bakteria kwenye mkojo, na kwa walio chini ya siku 28 virusi havikuonekana kupunguza hatari kwa kiasi cha kutegemewa. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Virusi viko puani, bakteria wako kwenye figo. Hakuna kinachomzuia mtoto mmoja kuwa na vyote viwili, hasa katika msimu ambao kila mtoto ana kamasi. Halafu virusi vingine vya mafua huendelea kuonekana puani kwa wiki mbili na zaidi baada ya mtu kupona, kwa hiyo hata kipimo cha pua kikisema "vipo" hakikuambii kwamba ndivyo vilivyoleta homa ya leo.

Tukaamua kumpima.

Mkojo ulikuja kwanza kwa sababu ndiko kwenye uwezekano mkubwa. Namna ya kuupata ina maana kubwa. Mfuko wa kubandika hufaa kwa uchunguzi wa haraka tu. Ukiuotesha mkojo wake utaotesha pia bakteria wa ngozi na wa haja kubwa, kisha usijue ni yupi mkosaji. Tulitumia mrija mwembamba ulioingizwa hadi kwenye kibofu kwa usafi. Mama aligeuza uso pembeni, nami simlaumu. Kazi yenyewe ilichukua chini ya dakika mbili.

Kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha chembe nyeupe nyingi, lakini kile kisanduku cha naitraiti kilibaki bila rangi. Hapa watu huteleza. Naitraiti hutengenezwa na bakteria, ila wanahitaji mkojo ukae kwenye kibofu kwa saa kadhaa ndipo ionekane. Kichanga hukojoa kila mara, mkojo wake haukai. Kwa hiyo naitraiti ikiwepo ni ushahidi mzito, na isipokuwepo haimwachilii mtu. Chini ya hadubini chembe nyeupe zilikuwa zimejaa, pamoja na bakteria.

Damu ilichukuliwa kwa ajili ya kuotesha kabla ya tone lolote la antibiotiki. Mpangilio huo haubadilishwi pale mtoto anapokuwa na hali tulivu, kwa sababu dozi moja inaweza kuwazima bakteria kwenye chupa ya maabara bila kuwamaliza mwilini, ukabaki hujui unatibu nini. Kipimo cha CRP, protini inayopanda mwili unapopambana na uvamizi, kilikuwa 46, wakati kwa mtoto wa umri huu tunaanza kuwa na wasiwasi ikivuka 20. Kingekuwa chini nisingeridhika sana pia. CRP huchelewa kupanda, na mtoto aliyeanza homa saa nne zilizopita anaweza kuwa na kipimo kizuri na ugonjwa mbaya.

Kwa CRP ile tulizungumza na mama kuhusu maji ya uti wa mgongo. Akauliza, "Daktari, hamtamlemaza?" Nilimweleza kwamba sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, kwenye nafasi yenye maji na nyuzi za neva tu, na kwamba tunachotafuta ndicho hasa kinacholemaza watoto kikiachwa. Alikubali. Maji yalitoka meupe kama maji ya kunywa, chembe nyeupe tatu tu, sukari na protini za kawaida.

Si kila kichanga mwenye homa anafikishwa hapo, na umri ndio unaoamua zaidi. Wiki tatu za kwanza hatubahatishi: mkojo, damu, maji ya uti wa mgongo, kulazwa na antibiotiki, hata akionekana mzima namna gani. Katika umri huo tunakumbuka pia virusi vya malengelenge ya mdomo, ambavyo mtoto anaweza kuvipata kwa busu tu. Wiki ya nne tahadhari inabaki kubwa. Kuanzia siku ya 29 hadi ya 60, mtoto aliyezaliwa vizuri na anayeonekana mzima hupimwa mkojo na damu, na majibu ndiyo yanayosema kama twende mgongoni. Mwezi wa tatu nafasi ya kusubiri na kutazama huongezeka, lakini mkojo bado unapimwa, na bado anaonwa siku hiyohiyo. Pasipo na maabara, homa ya mtoto aliye chini ya miezi miwili peke yake huhesabiwa kuwa dalili ya hatari: hupewa dozi ya kwanza ya sindano za antibiotiki, kwa kawaida ampisilini na jentamaisini, na kupelekwa hospitali bila kusubiri jibu la mtu.

Huyu wetu alianza seftriaksoni mishipani kabla ya saa tatu asubuhi. Umri wake uliiruhusu. Kwa mtoto wa siku chache, hasa mwenye manjano, tungechagua nyingine. Muda wote huo aliendelea kunyonya, na pua tulimsafisha kwa matone ya maji ya chumvi kabla ya kila mnyonyo, kwa sababu kichanga aliyeziba pua hunyonya kidogo kwa kukosa hewa na hilo linaweza kukuchanganya na kunyonya kidogo kwa ugonjwa. Ukimsafisha pua akanyonya kama kawaida, umejifunza kitu. Huyu tulipomsafisha alinyonya dakika saba akaacha. Kawaida yake, mama alisema, ni 20.

Homa ilirudi mchana, 38.7, na jioni tena. Usiku wa pili haikurudi. Maabara ilipiga simu siku iliyofuata: kwenye mkojo wameota bakteria wa aina ya E. koli, zaidi ya 100,000 kwa kila mililita. Chupa za damu na za uti wa mgongo hazikuota kitu. Maana yake tulimkamata bakteria akiwa bado kwenye njia ya mkojo. Siku ya tatu, akinyonya vizuri na majibu ya dawa zinazomuua bakteria huyo yakiwa mkononi, alihamishiwa dawa ya kunywa ili akamilishe siku kumi. Picha ya figo kwa mawimbi ya sauti ilikuwa ya kawaida. Huwa tunaipiga kwa sababu maambukizi ya mkojo katika umri huu wakati mwingine ndiyo habari ya kwanza ya figo au mrija ulioumbwa na kasoro.

Kamasi zilikauka siku ya tisa, zenyewe.

Siku ya kuruhusiwa mama alikuwa na maswali aliyoyaandika, kwenye simu ileile. La kwanza: nikiona mafua tena, nije mbio? Hapana. Mafua bila homa, mtoto ananyonya kama kawaida, nepi zinalowa kama kawaida, pumzi haziendi mbio, huyo anasafishwa pua na kutazamwa nyumbani. Joto apimwe mara mbili kwa siku na kila anapoonekana tofauti, bila kumjaza dawa za mafua, ambazo kwa umri huu hazifai, wala asali, ambayo haitolewi kabla ya mwaka mmoja. Joto likifika 38.0, anakuja wakati huohuo, usiku au mchana, akiwa amevaa nguo nyepesi na akinyonya njiani. Nikamwongezea ambalo hakuuliza: joto likiwa chini ya 36 na halipandi hata akikumbatiwa ngozi kwa ngozi, aje vilevile. Baadhi ya vichanga wenye maambukizi makali hupoa badala ya kuchemka.

La pili lilihusu homa ya chanjo, kwa kuwa chanjo zilikuwa zimekaribia. Chanjo huweza kuleta homa ndani ya siku mbili za mwanzo. Nilimwambia apige simu na kusema chanjo ilitolewa lini, atuachie sisi kuamua, kwa sababu mtoto aliyechanjwa jana hazuiliwi kuwa na bakteria kwenye mkojo leo. Na kuna hali ambazo hazisubiri kipimajoto: anakataa titi, haamki sawasawa, anakoroma au kuguna kila pumzi, kifua kinabonyea, midomo inageuka buluu, anatetemeka mwili kwa degedege, au anaacha kupumua kwa muda kisha anaanza tena. Hata joto likiwa 36.8, huyo ni wa kukimbizwa.

La tatu lilitoka kwa bibi, aliyekuwa amekaa kimya kitandani akimshika mjukuu. "Mbona wangu wote walipata homa na mafua wachanga hivi, na wakapona?" Nilimjibu kwamba walikuwa kwenye wale 90. Akanitazama kwa muda, akasema, "Na jirani yangu alizika mmoja. Tuliambiwa ni mafua yaliyozidi." Sikuwa na jibu, na sikutaka kubuni.

Waliporudi mara ya pili mtoto alikuwa na siku 81. Mafua tena, kutoka kwa kaka yuleyule, homa ya 38.2 iliyopimwa kwa njia ya haja kubwa saa mbili usiku, hakupewa dawa yoyote, saa tatu walikuwa mlangoni. Sasa alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo lilinisaidia. Kwa kuwa alishawahi kuugua mkojo, tulianza na mrija uleule. Mkojo ulikuwa safi. CRP ilikuwa 6, chembe nyeupe za damu za kawaida, na tulimweka kitandani kwa saa kadhaa tukimtazama ananyonya. Alfajiri tuliwaruhusu, kwa miadi ya kumwona tena asubuhi inayofuata na matokeo ya kuotesha yakiwa njiani. Hayakuota kitu. Mama aliniuliza kama alikuwa amekuja bure, nikamwonyesha ile namba aliyoiandika kwenye simu, 38.2, na siku za mtoto, 81, nikamwambia kwamba kwa hizo mbili ningemwita mimi mwenyewe kama asingekuja.